Namba ya EORI: jinsi ya kuhakiki mnunuzi wako wa Ulaya ni wa nchi gani

Kontena letu la pilipili manga kutoka Muheza lilikwama Rotterdam kwa sababu ya herufi mbili. Mnunuzi, mwenye ofisi London, alitupatia namba ya EORI, yaani namba ya utambulisho wa mfanyabiashara kwenye forodha, inayoanza na GB ya Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 2021 namba za GB hazitumiki kwenye forodha za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo wakala wa Uholanzi hakuweza kuwasilisha tamko la forodha. Gharama za kuhifadhi kontena bandarini zikaanza kuhesabika, na mnunuzi akataka zikatwe kwenye malipo yetu.

Kwa hiyo dai namba kabla ya kusaini mkataba, na uidai kamili: herufi mbili za nchi, kisha tarakimu au herufi zisizozidi 15. Akikutumia tarakimu tupu, mrudishie.

Hatua ya pili ni kuihakiki. Za GB huhakikiwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, ukurasa wa "Check an EORI number". Za nchi za Umoja wa Ulaya, kama NL ya Uholanzi, DE ya Ujerumani au FR ya Ufaransa, pamoja na XI ya Ireland ya Kaskazini, ziko kwenye ukurasa wa Tume ya Ulaya:

```
https://ec.europa.eu/taxation_customs/dds2/eos/eori_validation.jsp
```

Andika namba pamoja na herufi zake, bila nafasi.

Hapa ndipo wengi wanapoishia, na ndipo penye hatari. Herufi zinaonyesha nchi iliyotoa namba tu. Kampuni iliyo ndani ya Umoja hujisajili katika nchi yake, lakini ya nje hujisajili pale inapowasilisha tamko lake la kwanza. Kampuni ya Uturuki inaweza kabisa kuwa na namba ya DE. Tena jina na anwani huonekana tu kama mwenye namba ameridhia vitangazwe. Ukiona namba ni halali lakini jina halipo, bado hujui ni ya nani. Omba nakala ya barua ya forodha iliyompa namba, kisha linganisha jina na anwani na daftari la kampuni la nchi anayodai ni yake. La Uingereza, Companies House, unalisoma bure mtandaoni.

Mnunuzi wetu hatimaye alipata namba ya NL, na tulipoihakiki ikatoa anwani ileile ya London. Maana yake bado ni mwagizaji wa nje. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hawezi kutangaza mzigo mwenyewe; anahitaji wakala aliye ndani ya Umoja, anayetangaza kwa jina la wakala na kubeba naye dhamana ya ushuru. Mawakala wengi hudai amana kwanza. Mwambie mnunuzi akuletee barua ya wakala huyo aliyekubali kazi, na uipate kabla kontena halijapakiwa melini.