Picha ya mtoto ikionyesha mboni nyeupe: namna ya kuikagua na wapi pa kwenda Dar es Salaam

Wazazi wengi wanaokuja kwetu na picha kama hii wamekaa nayo kwenye simu kwa wiki kadhaa. Mtoto amepigwa picha kwa flashi, jicho moja limetoka jekundu au rangi ya machungwa, na la pili linang'aa jeupe katikati. Shangazi anasema ni simu mbovu, jirani anasema ni jicho la paka. Mtoto anacheza, anakula, hana homa wala hasugui jicho, kwa hiyo picha inasahaulika.

Nafanya kazi ya uchunguzi wa macho hapa jijini, na ningependa usiisahau. Flashi inapoingia machoni hugonga nyuma ya jicho, penye damu nyingi, na ile rangi nyekundu unayoiona ni mwanga huo ukirudi. Ukirudi mweupe, huenda kuna kitu njiani kilichouzuia kuifikia sehemu hiyo. Kinaweza kuwa mtoto wa jicho. Kinaweza pia kuwa uvimbe wa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka 5, na mboni nyeupe ndiyo dalili yake inayoonekana mara nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Rudi kwenye picha za zamani

Kabla ya kupiga picha mpya, fungua zile za miezi iliyopita: za Idi, za ubatizo, za kuzaliwa kwa binamu. Tafuta zilizopigwa kwa flashi ndani ya nyumba au usiku. Za juani hazitakusaidia, kwa sababu mboni husinyaa na mwanga hauingii vya kutosha.

Tuchukue mfano wa mtoto wa Mbagala mwenye mwaka mmoja na miezi saba. Mama ameona weupe katika jicho la kushoto kwenye picha ya jana. Anarudi nyuma na kukuta picha nyingine mbili zenye weupe katika jicho hilohilo. Ya mwanzo ni ya miezi minne iliyopita, mtoto akiwa ametazama pembeni kidogo. Katika picha nyingine zote macho yako sawa. Baba anasema, "Mama Zawadi, si unaona nyingi ziko sawa?" Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Uvimbe mdogo hukaa upande mmoja wa jicho, na mwanga huukuta pale tu mtoto anapotazama upande fulani. Kwa hiyo picha nzuri nyingi haziifuti ile moja mbaya.

Hatua ya 2: Piga picha nyingine, usiku huohuo

Fifisha taa ya chumba na mpe mtoto dakika chache mboni zipanuke. Washa flashi kwa mkono, usiiache kwenye "Auto". Zima kinachoondoa wekundu wa macho na chochote kinachopamba sura, maana simu nyingi huipaka rangi mboni kabla hujaiona picha. Simama kama mita mbili, vuta picha karibu kidogo, kisha piga akitazama kamera, akitazama kushoto, kulia na juu. Mtu mwingine amwite kutoka kila upande.

Sasa linganisha jicho na jicho. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi rangi ya kawaida mara nyingi si nyekundu sana. Huwa ya machungwa iliyofifia au ya kahawia, na hilo halina shida macho yote mawili yakifanana. Tofauti ndiyo inayotisha: moja rangi ya machungwa, jingine jeupe, la kijivu au la njano iliyopauka. Angalia pia kama jicho moja limeanza makengeza, kwani hiyo ni dalili ya pili kwa kuonekana.

Kuna weupe wa uongo. Mtoto akigeuza jicho kidogo kuelekea puani, flashi inaweza kugonga pale mshipa wa fahamu unapoingilia jichoni. Sehemu hiyo yenyewe ni nyeupe, hivyo picha itatoka na mboni nyeupe bila ugonjwa wowote. Nakueleza ili usife moyo kabla ya kupimwa, si ili ujipime mwenyewe ukabaki nyumbani. Kwa picha peke yake hata mimi siwezi kukuhakikishia kuwa ni weupe wa uongo. Na picha mpya zikitoka safi zote, ile ya kwanza bado inatosha kukupeleka hospitali.

Hatua ya 3: Nenda ndani ya siku chache

Pitia kituo chako cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Temeke, Amana au Mwananyamala, ukaombe rufaa ya haraka kwa daktari bingwa wa macho. Muhimbili, pale Upanga, wana kitengo cha macho na pia wodi ya watoto wenye saratani. CCBRT, Msasani, nao wana hospitali ya macho. Beba kadi ya kliniki na simu yenye picha halisi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama faili, maana picha hupungua ubora.

Sema hivi mapokezi: "Mboni ya mwanangu inaonekana nyeupe kwenye picha, naomba apimwe mwanga wa nyuma ya jicho." Ukisema tu "anaumwa macho," unaweza kupewa dawa ya matone na kurudishwa nyumbani. Dawa ya matone haifanyi kitu hapa, maziwa ya mama wala majani hayafanyi kitu, na miezi hupita.

Miezi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho, watoto walio wengi sana hupona. Ukifuata mshipa wa fahamu kuelekea kwenye ubongo, au ukalisukuma jicho nje, kuokoa maisha kunakuwa kugumu.

Hatua ya 4: Ujue watakachofanya

Kipimo cha kwanza ni cha dakika chache: chumba chenye giza, mtoto mapajani kwa mama, na daktari akimulika macho yote mawili kwa pamoja. Akiona kasoro, mtoto atawekewa dawa ya kupanua mboni. Mara nyingi atachunguzwa pia akiwa kwenye nusukaputi, kwa hiyo fuata saa za kutokula utakazopewa. Ultrasaundi ya jicho huonyesha uvimbe na chembe za chokaa ndani yake. Usishangae wasipochukua kinyama cha kupima. Kulitoboa jicho lenye uvimbe huu kunaweza kuufungulia njia ya kutoka nje.

Kwa yule mtoto wa Mbagala, tuseme uvimbe umejaza sehemu kubwa ya jicho la kushoto na la kulia ni zima. Uwezekano mkubwa atashauriwa kutolewa jicho hilo na baadaye kuwekewa la bandia. Hapa familia nyingi hutoroka, na ninawaelewa. Lakini jicho hilo kwa kawaida limeshapoteza uwezo wa kuona, na kulitoa mapema kunaweza kumtibu kabisa. Uvimbe mdogo huweza kutibiwa kwa leza, kwa kugandishwa au kwa dawa za saratani za dripu, jicho likabaki. Gharama zikikukwamisha, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, na uulizie Tumaini la Maisha, wanaowahudumia watoto wenye saratani pale Muhimbili.

Hatua ya 5: Wapeleke na ndugu zake

Ugonjwa huu wakati mwingine hurithiwa, hasa ukiwa kwenye macho yote mawili. Kaka na dada wadogo wapimwe hata kama picha zao ni safi, na mtoto atakayezaliwa baadaye apimwe katika wiki zake za mwanzo. Wazazi nao wachunguzwe macho.