Jinsi ya kuandika barua pepe ya kugawa kazi za wasilisho la kikundi

Mara ya kwanza nilipoongoza kikundi niliandika mistari mitatu tu: fulani utangulizi, fulani kiini, fulani hitimisho, tumeni mapema. Nilirudishiwa slaidi 41 za wasilisho la dakika 15. Wawili walikuwa wameeleza jambo lile lile, na mmoja alituma picha za slaidi zake badala ya slaidi zenyewe, kwa hiyo sikuweza kusahihisha hata herufi. Sikuwa na wa kumlaumu, maana hakuna aliyekiuka nilichoandika.

Siku hizi naiandika hivi. Tuchukue kikundi cha watu watano, mimi kiongozi na wenzangu ambao nitawaita B, C, D na E. Mada ni kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa. Tumepewa dakika 15, na siku ya kuwasilisha ni Alhamisi tarehe 24.

Hatua ya 1: Gawa dakika kabla ya slaidi

Ukimpa mtu mada bila dakika, ataijaza kadiri anavyoipenda. Mimi nimejipa dakika 2 za ufunguzi, B 3 za tatizo, C 4 za vifaa, D 3 za gharama, E 3 za matunzo na hitimisho. Jumla ni 15. Idadi ya slaidi inafuata yenyewe: zisizidi dakika ulizopewa. Mwenye dakika 3 ana slaidi 3.

Hatua ya 2: Weka mpaka kati ya sehemu na sehemu

Hapa ndipo barua nyingi huharibika, kwa sababu jina la sehemu halimwambii mtu aishie wapi. Chukua hesabu ya maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 1,200, kabla hujatoa yanayomwagika. B ataitaka hesabu hiyo aonyeshe maji yanayopotea. C naye ataitaka ili achague ukubwa wa tangi. Usiposema ni ya nani, wataifanya wote wawili, na huenda kila mmoja akatumia paa lake. Kisha D atakadiria gharama za tangi ambalo C hakulitaja.

Kwa hiyo kila sehemu naiandikia mambo matatu: inaanzia wapi, inaishia wapi, na nini asikiguse kwa sababu kiko kwa mwenzake. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi.

Hatua ya 3: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Anza na siku ya kuwasilisha, urudi nyuma. Alhamisi 24 tunawasilisha, Jumatano 23 mazoezi, Jumanne 22 faili moja iko tayari. Mimi nahitaji Jumatatu nzima ya kuunganisha, hivyo slaidi zinifikie Jumapili 20. Kabla ya hapo naweka tarehe ndogo, Alhamisi 17: vichwa vya slaidi peke yake, bila maelezo. Vichwa ni kazi ya nusu saa, lakini vinakuonyesha mapema nani ameelewa vibaya, na nani hajaanza.

Saa iandike kwa namna isiyo na njia mbili. "Usiku wa Jumapili" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumapili, kwa wengine ni Jumapili yenyewe baada ya jua kuzama. Tofauti ni siku nzima. Andika siku, tarehe, saa, na saa kama inavyosomeka kwenye simu.

Hatua ya 4: Tuma kiolezo

Niliwahi kuandika kanuni kumi na mbili za muundo. Hakuna aliyezifuata, na nadhani hakuna aliyezimaliza kuzisoma. Sasa natengeneza faili tupu lenye ukubwa wa 16:9, fonti na rangi tayari, naliambatisha, na kubakiza kanuni nne ambazo faili haliwezi kuzilinda. Fonti nachagua Arial, kwa kuwa kompyuta isiyokuwa na fonti uliyotumia huweka nyingine badala yake, na mistari inaruka. Wakati wa kuunganisha kwenye PowerPoint, ukibandika slaidi za wenzako chagua `Use Destination Theme`, ili zivae sura ya faili lako.

Hatua ya 5: Omba jibu ambalo haliwezi kuwa "sawa"

"Sawa" haikuambii kama mtu amesoma. Mwombe akuandikie kichwa cha slaidi yake ya kwanza. Hawezi kukijua bila kusoma sehemu yake.

Barua yenyewe hii hapa:

> Mada: Wasilisho la tarehe 24: sehemu yako na tarehe zake (jibu kabla ya Jumanne 15, saa 2 usiku)
>
> Habari zenu wenzangu,
>
> Tuna dakika 15 Alhamisi tarehe 24. Nimependekeza mgawanyo huu:
>
> Mimi, dakika 2: ufunguzi na kuwatambulisha.
> B, dakika 3: tatizo. Anza na uhaba wa maji, ishia kwenye hesabu ya maji yanayopotea (paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20). Usitaje matangi.
> C, dakika 4: vifaa. Pokea jibu la B, eleza mifereji, chujio na tangi, ishia kwenye ukubwa wa tangi. Bei ni za D.
> D, dakika 3: gharama za vifaa alivyotaja C tu. C atakutumia orodha Alhamisi 17.
> E, dakika 3: matunzo, kisha hitimisho la wasilisho zima.
>
> Tarehe:
> Alhamisi 17, saa 2 usiku (20:00): vichwa vya slaidi.
> Jumapili 20, saa 2 usiku (20:00): slaidi kamili.
> Jumatano 23, saa 10 jioni (16:00): mazoezi, wote.
>
> Muundo: tumia kiolezo nilichoambatisha. Slaidi zisizidi dakika zako. Maandishi yasipungue ukubwa wa 24. Kila picha iwe na chanzo chake chini. Tuma faili la .pptx, si PDF wala picha, kwa jina kama hili: `03_Vifaa_toleo1.pptx`.
>
> Naomba kila mmoja anijibu kabla ya Jumanne 15, saa 2 usiku (20:00), kwa kuniandikia kichwa cha slaidi yake ya kwanza. Ambaye sehemu au tarehe haimfai aseme ndani ya muda huo, tubadilishane.

Namba mwanzoni mwa jina la faili inayapanga mafaili kwa mfuatano wa wasilisho. Na neno "nimependekeza" nimeliweka makusudi: hawa ni wenzako, huna mamlaka ya kuwaamuru, na aliyepewa nafasi ya kukataa hadi Jumanne hana kisingizio Jumapili.

Kabla ya kutuma, jisomee barua ukiwa D. Ukikuta swali lolote ambalo D angelazimika kukuuliza, jibu lake liandike humo humo.

Jumanne usiku ikifika na mtu hajajibu, usiwatumie wote ukumbusho. Mpigie yeye simu. Asipopatikana hadi Alhamisi ya vichwa, sehemu yake igawe kwa walio jirani nayo. Kwa mfano, C anyamazapo, dakika 2 za vifaa ziende kwa B na 2 kwa D, kisha uwaandikie wote mgawanyo mpya kwa kujibu barua ile ile, ili usiwepo waraka mwingine wa kutafuta.