SOMO: Kusoma ramani ya kontua, na kwa nini V ya bonde inaangalia juu mlimani

Wakuu habari za jioni. Nimechoka kujibu hili swali inboksi, leo mdogo wangu, kesho binamu, keshokutwa mtoto wa jirani, wote wameshika handauti ya jiografia wanauliza hii mistari iliyojipinda inasemaje. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mfano wetu ni ramani ya 1:50,000, kontua kila mita 20, kuna mto na kilima.

Hatua ya 1. Kontua inaunganisha sehemu zenye mwinuko sawa kutoka usawa wa bahari. Ukitembea juu ya mstari mmoja hupandi wala hushuki. Shika hiyo, mengine yote yanatoka hapo.

Hatua ya 2. Jua tofauti ya mwinuko kati ya kontua na kontua. Kawaida imeandikwa chini ya ramani. Kama fotokopi imeikata, chukua mistari miwili minene yenye namba, tuseme 1200 na 1300, katikati yake una mistari minne myembamba. Mistari minne inatengeneza nafasi tano, kwa hiyo 100 gawa kwa 5 ni mita 20. Unahesabu nafasi, sio mistari.

Hatua ya 3. Mistari imebanana, mteremko mkali. Imeachana, mteremko mpole.

Hatua ya 4. Bonde. Hapa naomba tuliza akili maana hapa ndo nilianguka mimi. Fomu Tatu niliona kontua zimejikunja kama V nikasema moja kwa moja hili ni bonde, na ncha ya V inaonyesha maji yanakoenda, kama mshale. Nikauchora mto mzima unapanda mlima, na kila swali lililofuata likaharibika maana upande wa juu nimeuita chini.

Ukweli ni kwamba kwenye bonde ncha ya V inaelekea kwenye namba kubwa, yaani kule mto unakotoka. Sababu yake fikiria hivi: unatembea ubavuni mwa mlima kwenye mwinuko wa mita 1300 na hutaki kupanda wala kushuka, mara mbele yako kuna korongo. Ukinyoosha moja kwa moja utatumbukia, maana pale chini ni chini ya 1300. Inabidi ukunje uingie ndani kulifuata korongo kuelekea juu, mpaka ufike mahali ambapo hata sakafu ya korongo nayo iko 1300, ndo unavuka na kurudi nje upande wa pili. Ile safari yako ya kuingia na kutoka ndiyo V yenyewe. Aliyepita barabara za Lushoto kule Usambara anaijua hii, gari linaingia ndani kwenye korongo, linavuka kadaraja, linatoka tena nje.

Sehemu ya mlima inayojitokeza kama ulimi kuelekea bondeni inafanya kinyume, ncha yake inaelekea kwenye namba ndogo. Umbo ni lile lile kabisa! Kwa hiyo USIAMUE kwa umbo, soma namba mbili, ya ndani ya V na ya nje. Ya ndani ikiwa kubwa huo ni ulimi wa mlima, ya ndani ikiwa ndogo hilo ni bonde. Na usitegemee rangi, ramani halisi ina mto wa bluu na kontua za kahawia ila kwenye fotokopi vyote vinakuwa vyeusi. Mto utaujua kwa sababu unakatiza kontua, kontua mbili zenyewe kwa kawaida hazikatizani.

Hatua ya 5. Ukali wa mteremko kwa hesabu. Pointi A iko 1240, pointi B iko 1440, tofauti mita 200. Kwa rula A mpaka B ni sentimita 3.2, kila sentimita ni mita 500, kwa hiyo mita 1600. 200 kwa 1600 ni 1 kwa 8, maana yake kila ukienda mita 8 za mlalo unapanda mita 1. Yote iwe kwenye mita kabla hujagawa.

MASWALI

kijana_wa_f3: Kaka sasa mistari ikibanana ndo inakuwaje?

Mwandishi: Hatua ya 3. Ni mstari mmoja tu mdogo wangu, soma.

Bi_Mkunazi: Somo zuri kaka. Mimi nina fotokopi ya swali hilo hilo, A mpaka B napata sentimita 2.4, jibu linakuja 1 kwa 6, mwalimu anasema 1 kwa 8. Nimepima mara tatu.

Mwandishi: Dada umepima vizuri, tatizo ni karatasi. Pima upande wa kiboksi kimoja cha gridi, kwenye ramani ya 1:50,000 kiboksi ni kilomita 1 kwa hiyo kinatakiwa kiwe sentimita 2.

Bi_Mkunazi: Kiko 1.5!

Mwandishi: Basi imepunguzwa kwenye mashine. Ile 1:50,000 iliyoandikwa haifanyi kazi tena, lakini viboksi vimepungua pamoja na ramani kwa hiyo vyenyewe havidanganyi. 2.4 gawa kwa 1.5 ni kilomita 1.6, mita 1600, unarudi 1 kwa 8. Kama kuna kipimio cha mstari pale chini nacho kinafaa, kimepungua pamoja.

Mzee_wa_Data: Mkuu hapo kwenye V umekosea, sisi tulifundishwa V ni bonde, nukta.

Mwandishi: Sijakosea mkuu. Chukua ramani yoyote yenye mto, weka kidole pale mto unapokatiza kontua, uangalie ncha imeelekea wapi na namba zinakua upande gani. Ukipata tofauti piga picha weka hapa.

Nasra_jio: Je, miduara iliyofungwa siku zote ni kilele?

Mwandishi: Swali zuri sana. Mara nyingi ndiyo, ila soma namba. Zikikua kwenda ndani ni kilele, zikipungua ni shimo, na wachoraji wengi huweka vijistari vidogo vinavyoelekea ndani kuonyesha ni shimo. Ngorongoro ni mfano mkubwa, kutoka ukingoni mpaka sakafuni ni kama mita 600, kwa hiyo kwa kontua za mita 20 ungehesabu kama nafasi 30 unashuka kwenda ndani. Na kilele chenyewe hakiko kwenye mstari wa mwisho, kama wa mwisho ni 1460 na hakuna namba ya kilele, sema kiko juu ya 1460 lakini hakijafika 1480.

Nasra_jio: Kwa hiyo kichuguu cha mita 15 kinaweza kisionekane kabisa?

Mwandishi: Kabisa, kikikaa katikati ya mistari miwili hakipo kwenye ramani.

Mkulima_Same: Sisi shambani tunapima kontua kwa fremu ya A, miti miwili mirefu, mmoja wa kukatiza, na kamba yenye jiwe. Kamba ikikaa kwenye alama ya katikati miguu yote iko usawa mmoja, unapiga kigingi, unazungusha mguu. Ukifika kwenye korongo vigingi vinakunja kwenda juu vyenyewe.

Mwandishi: Mzee wangu hiyo ndiyo V ya Hatua ya 4 imechorwa ardhini. Ukiwa na picha ya hivyo vigingi tuwekee.

Mkulima_Same: Kesho nikienda shamba.