Bajeti ya katuni fupi ya dakika tatu: anza na shoti, bei baadaye

Tuchukue katuni ya 3D ya dakika 3 inayotengenezwa kwa Blender. Programu ni ya bure, kwa hiyo kwenye fungu la programu andika tu diski za ziada za kuhifadhia kazi. Pesa nyingi zitaliwa na siku za wasanii.

Kwanza, kamilisha storibodi, uipange kwenye video yenye sauti za muda ili ujue kila shoti ina sekunde ngapi. Kisha zigawe nyepesi na nzito. Mhusika akiwa amekaa anaongea, animeta mzoefu anaweza kumaliza sekunde 6 kwa siku. Wawili wakinyang'anyana ndoo, sekunde 2 akijitahidi. Tuseme nyepesi ni sekunde 120: siku 20. Nzito ni sekunde 60: siku 30. Theluthi ya filamu imekula zaidi ya nusu ya siku! Ukibanwa na pesa, punguza ugomvi wa ndoo kabla hujaanza kupunguza malipo ya watu.

Ongeza siku 46 za kuunda wahusika, mandhari na taa. Jumla 96. Weka robo juu yake kwa marekebisho, maana yapo tu, zinakuwa 120. Kwa mfano wa shilingi 60,000 kwa siku, ni 7,200,000.

Muda wa kurenda, yaani kompyuta kutengeneza picha ya mwisho ya kila fremu, usikisie. Chagua fremu tatu, nyepesi, ya wastani na nzito, uzirende kwa ukubwa wa mwisho na utazame saa. Wastani ukiwa dakika 5, fremu 4,320 (sekunde 180 mara fremu 24 kwa sekunde) zinahitaji saa 360, yaani siku 15 mchana na usiku kwa kompyuta moja. Ongeza nusu kwa shoti zitakazorudiwa, zifike saa 540. Mashine inayokula wati 500 itamaliza uniti 270 za umeme.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, umeme ukikatika katikati?*
Renda picha za PNG moja moja, usirende video moja kwa moja. Ondoa tiki kwenye Overwrite, na ukiwasha tena itaruka zilizokwisha. Fremu ya mwisho ikague, huenda imeandikwa nusu. Ifute irendwe upya.

*Nataka wimbo wa zamani wa taarabu. Nikimlipa mtunzi inatosha?*
Hapana, dada. Utunzi una mwenyewe na rekodi ina mwenyewe, na mara nyingi si mtu mmoja. Unahitaji ruhusa zote mbili, zikitaja matamasha ya filamu, mtandao, nchi na muda. Ruhusa ya matamasha pekee ni nafuu, ila siku ukitaka kuipandisha YouTube utarudi mezani. Ukimwagiza mtunzi akupigie muziki mpya, unaongea na mtu mmoja, kwa mkataba wa maandishi.

*Rafiki zangu watafanya bure. Niandike sifuri?*
Andika siku zao na thamani yake, kisha safu ya pembeni uweke "mchango". Mmoja wao akipata kazi ya kulipwa katikati, utajua pengo lake ni la shilingi ngapi.