Kusoma mchoro wa ukoo: selimundu imepita kwa nani?

Mama mmoja wa Pangani alikuja Tanga mjini na binti yake wa miaka kumi na mmoja, mwenye selimundu, ile ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli. Aliongozana na kijana wake mkubwa, mzima wa afya, aliyetaka kumchumbia binti wa mjomba wake. Upande wa baba ulikuwa umeshamwambia mama, "Ugonjwa huu umetoka kwenu." Nitautumia mchoro wa ukoo wao kuonyesha namna ninavyofanya kazi hii ya ushauri. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Hatua ya kwanza: uliza kwanza, ndipo uchore

Hapa ndipo michoro mingi huharibika, na chanzo ni neno "ndugu". Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, na mama mkubwa ni mama. Kwa hiyo mtu akisema "kaka yangu naye alikuwa nao," usichore bado. Muulize: mmezaliwa tumbo moja? Baba ni mmoja? Ndugu wa kunyonya ziwa moja hawaoani kwa sheria ya dini, lakini maziwa hayapitishi jeni ya selimundu, na mtoto wa kulea vilevile hana jeni za waliomlea. Hao usiwaunganishe kwa mstari wa damu.

Waulizie na waliofariki. Mama huyu alisema ana watoto wawili. Nilipomuuliza amezaa mara ngapi, akanyamaza kidogo, kisha akasema watatu. Mvulana wa mwisho alifariki akiwa na miaka miwili. Alikuwa akivimba vidole vya mikono na miguu, macho yakawa ya manjano, na alishawahi kuongezewa damu. Kuvimba vidole kwa mtoto mdogo ni dalili ya selimundu inayojulikana sana, lakini hakupimwa, kwa hiyo kwenye mchoro nilimwekea alama ya kuuliza.

Hatua ya pili: chora

Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mgonjwa hujazwa wino wote, anayebeba jeni moja hujazwa nusu, na marehemu hukatwa kwa mstari wa mshazari. Mume na mke huunganishwa kwa mstari wa mlalo, na wakiwa ndugu wa damu, kama hawa mabinamu, mistari huwa miwili. Kila kizazi kina safu yake, na watu huhesabiwa kutoka kushoto. Ukoo huu ulitoka hivi:

```
I-1 (babu)       + I-2 (bibi)  ->  II-2, II-3
II-1 (mke wake)  + II-2 (mjomba)  ->  III-1 (binti)
II-3 (mama)      + II-4 (baba)  ->  III-2 (kijana mkubwa)
                                    III-3 (binti mgonjwa)
                                    III-4 (marehemu)
```

Hatua ya tatu: urithi ni wa aina gani?

Jifanye kwanza hujui ni ugonjwa gani, uangalie alama tu. Baba na mama hawaumwi, lakini wamezaa mtoto mgonjwa. Hiyo inaelekeza kwenye jeni inayojificha: mwenye nakala moja haumwi, mpaka mtu apate mbili, moja kwa kila mzazi.

Sasa mtazame III-3. Huyu binti ndiye ufunguo wa mchoro mzima. Binti hupokea kromosomu X moja kutoka kwa baba yake. Kama jeni hii inayojificha ingekaa kwenye X, baba angekuwa mgonjwa yeye mwenyewe, maana mwanamume ana X moja tu na hana ya pili ya kuificha. Baba huyu ni mzima. Kwa hiyo jeni ipo kwenye kromosomu za kawaida, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo jozi jozi. Kwa selimundu ni kromosomu namba 11. Angekuwa mgonjwa ni yule mvulana peke yake, mchoro usingetosha kutenganisha mambo hayo mawili.

Na hapo lawama inakosa pa kusimama. Jeni ya selimundu tunaiandika S, na ya kawaida A. III-3 ni SS: S moja ya mama, S moja ya baba. Jaza nusu kwa wote wawili, hata kabla ya kipimo. Nilimgeuzia baba karatasi nikamwekea kidole kwenye mraba wake. Aliutazama kwa muda, kisha akamwambia mkewe, "Basi ni sote, mama Asha."

Hatua ya nne: hesabu ya kijana na mchumba wake

Wazazi wawili AS, kila mimba ina nafasi nne sawa: AA moja, AS mbili, SS moja. Kijana III-2 tunajua haumwi, kwa hiyo ile SS tunaifuta. Zinabaki tatu, mbili kati yake ni AS. Uwezekano wake wa kubeba ni 2/3, si 1/2 kama wengi wanavyoandika.

Kwa mchumba: mama wa kijana, II-3, ni AS, basi babu au bibi mmojawapo alikuwa nayo. Mjomba ana 1/2, na binti yake ana nusu ya hapo, yaani 1/4. Wakiwa wote AS, mtoto kuwa SS ni 1/4:

```
2/3 x 1/4 x 1/4 = 1/24
```

Hesabu hii imebeba dhana moja: kwamba II-1, mke wa mjomba, ni AA. Dhana hiyo Pwani si salama. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hii imeenea penye malaria nyingi kama huku kwetu. Kwa hiyo 1/24 niliwaambia ni kiwango cha chini, kisha nikawapeleka maabara.

Hatua ya tano: kipimo kinachofaa

Kile kipimo cha kuangalia kama seli zinajikunja husema S ipo au haipo. Hakitenganishi AS na SS. Omba elektroforesisi au kipimo kingine kinachotaja aina za himoglobini. Aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu hivi, la sivyo utasoma damu ya mchangiaji.

Majibu yakipingana na mchoro, kwa mfano baba akisomeka AA na mtoto SS, usiseme neno mbele ya watu. Rudia sampuli kwanza, chupa hubadilishana majina. Kisha fikiria beta thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi: baba mwenye jeni yake moja anaweza kuonekana kama AA, na mtoto aliyepata S kwa mama na hiyo kwa baba akasomeka kama SS. Suala la nani ni baba huja baada ya hayo yote, na huzungumzwa na mama peke yake, faragha.

Majibu ya Pangani yalikuja: kijana AS, mchumba AS. Ile 1/24 ikafutwa, ikabaki 1/4 kwa kila mimba, na mimba ya kwanza haiipunguzii ya pili. Tukawapima na wazazi wa mchumba, kwa kuwa ana wadogo zake. Mjomba, ambaye sote tulimtilia shaka, alikuwa AA. Aliyebeba ni mkewe, mzaliwa wa Muheza, asiye na undugu wowote na ukoo ule. Nikafuta 1/2 niliyoiandika kwenye mraba wa mjomba, nikajaza nusu ya duara la II-1.