Vidio koli ya kwanza na mliyemachi naye kwenye app ya kudeti: geukia dirisha

Kosa tunalofanya wengi ni kukaa kitandani dirisha likiwa mgongoni, kamera inafuata mwanga wa nje, sura yako inabaki giza tupu na mwenzio anaanza kujiuliza unaficha nini. Geuka tu, dirisha liwe mbele yako, halafu simu iegemeze kwenye chupa ya maji juu ya vitabu mpaka kamera ifike usawa wa macho, maana ukiilaza mezani anaona matundu ya pua na feni ya dari. Usiku taa ya dari peke yake inakuwekea vivuli chini ya macho, washa nyingine mbele yako uielekeze ukutani, mwanga urudi laini.

Fungua kamera ya selfi kwanza ucheki kilicho nyuma. Nguo za kufua sawa, utazitoa, ila mi naogopa zaidi beji ya kazini na bango la mtaani linaloonekana dirishani, huyo bado humjui asijue unapokaa.

Stori anzia kwenye chati zenu, "ulisema unahamia nyumba mpya, umefikia wapi?" inafungua mtu kuliko "niambie kuhusu wewe".

Kuondoka kunapangwa kabla. Tuma meseji "nina kama dakika 20 hivi kisha napika". Ikinoga unaongeza muda, isiponoga, dakika ya 18 unasema "nimefurahi kukuona, acha nikabandike wali" unaaga. Usisingizie netiweki, atapiga tena saa hiyohiyo, niulize mimi.