Skechi ya mkono kwenye ControlNet: nguo itoke na shepu uliyoichora wewe

Juzi nilikaa na mdogo wangu anayebuni nguo, amekasirika kweli. Alikuwa amechora gauni la bega moja: kulia kuna mkono wa puto, kushoto bega tupu, kiunoni peplamu fupi upande wa kulia inayoshuka mpaka gotini upande wa kushoto, chini sketi nyembamba. Kila akiiingiza kwenye AI ya kutengeneza picha anapata gauni zuri tu ila sio lake. Mikono miwili, peplamu imekatwa sawasawa kote. Nikamuuliza unatumia nini, akasema img2img, ile njia ya kugeuza picha yako kuwa picha mpya. Nikamwambia hapo ndipo penye shida, maana img2img inashika rangi na pikseli za picha yako, kwa hiyo ukiweka `Denoising strength` ndogo unabaki na karatasi na penseli, ukiipandisha shepu inaondoka. Unachotaka ni kitu cha kufuata mistari na kuacha rangi, na hicho ni ControlNet. Mimi nipo kwenye Stable Diffusion WebUI na modeli za SD1.5, nitaeleza kwa hiyo.

Hatua ya 1: picha ya karatasi

Dirishani mchana, flashi imezimwa, simu iwe sambamba na karatasi. Ukiwa na skana ni bora zaidi. Basi.

Hatua ya 2: safisha mistari (hapa usiwe na haraka)

Watu wengi wanaruka hii halafu wanailaumu modeli. Elewa kitu kimoja: modeli haijui mstari upi ni ukingo wa nguo na upi ulikuwa wa kukusaidia kuchora. Mstari wa katikati ya mwili uliouchora ili upate mizani, yenyewe inaufanya mshono. Ile mistari ya kivuli ya harakaharaka ubavuni inageuka kitambaa cha milia. Kivuli cha ukingo wa karatasi nacho kinaweza kuwa pazia nyuma ya gauni, usicheke, nimeliona.

Kwa hiyo usihangaike kufuta, chora upya. Fungua picha kwenye GIMP, weka leya mpya juu yake, fuatisha kwa brashi nyeusi mistari ya nguo tu: ukingo wa nje, kiuno, pindo, na mikunjo miwili mitatu mikubwa pale peplamu inapoanguka. Halafu chini yake weka leya nyeupe tupu, ufiche skechi ya asili.

Wakati unafuatisha angalia vitu vitatu. Cha kwanza, ukingo uwe umefungwa, maana ukiacha mwanya pale pindo linapokutana na ubavu, kitambaa kinamwagikia kwenye bakgraundi. Cha pili, unene wa mstari. Picha ya simu ina upana wa kama pikseli 3000 na sisi tunatengeneza kwa 512 kwa 768, kwa hiyo mstari wa pikseli 6 ukishushwa unabaki na pikseli 1 hivi, mwembamba kuliko huo unapotea kabisa na wewe unashangaa mbona kola haijaonekana. Mimi napunguza picha kwanza iwe 512 kwa 768, ndio nafuatisha kwa brashi ya pikseli 2.

Cha tatu ndicho kilichokuwa kinamsumbua mdogo wangu: bega tupu. Yeye pale hakuchora kitu, akijua mtu akiona patupu ataelewa hakuna mkono. Modeli haisomi hivyo, ikiona patupu inajaza kile ilichozoea, na ilichozoea ni nguo yenye mikono miwili. Tulichora mstari mwembamba wa shingo na bega lenyewe la kushoto, likashuka mpaka kwapani likakutana na ukingo wa gauni. Mkono wa pili ukaondoka hapohapo bila kubadilisha neno lolote.

Halafu kuna miguu. Michoro ya fasheni huwa na mwili wa vichwa 9 wakati mtu wa kawaida ni kama 7 na nusu, na urefu mwingi wa ziada uko miguuni. Ukimwacha mwanamitindo ndani, modeli inavutana na mistari yako na unapata magoti mahali pa ajabu. Mimi naondoa kichwa, mikono na miguu yote, navalisha gauni kwenye sanamu ya fundi. Ukitaka lazima mtu avae, chagua sehemu ya kuanzia nyonga kwenda chini uifupishe mpaka asilimia 80 hivi, kisha unganisha mistari tena.

Hatua ya 3: ControlNet

Ingiza picha, washa `Enable` na `Pixel Perfect`, kisha:

```
Preprocessor: invert (from white bg & black line)
Model: control_v11p_sd15_lineart
Control Weight: 0.9
Ending Control Step: 0.7
```

Hiyo `invert` iliwahi kunila usiku mzima. ControlNet ya lineart inataka mistari myeupe juu ya weusi, sisi tunachora kinyume. Mimi niliacha `none` kwa kuwa nilijua mistari yangu tayari ni safi, nikawa napata picha zilizopauka zisizo na nguo yoyote ya maana, nikabadilisha prompti mara mia. Siku hizi nawasha `Allow Preview` kwanza, naangalia: bakgraundi nyeusi, mistari myeupe, ndio naendelea.

Usitumie preprocessor ya canny kwa penseli. Inatafuta kingo, na mstari mnene una kingo mbili, kwa hiyo pindo linakuja na utepe ambao hukuuchora. Scribble nayo inajiachia mno, ni ya kutafuta wazo tu.

Hatua ya 4: prompti

Iseme kilekile ambacho mchoro unasema. Mchoro ukisema bega moja na maneno yakasema gauni tu, wanavutana.

```
one-shoulder gown on a dress form, single puff sleeve,
asymmetrical peplum, matte green satin, plain grey background
```

Hatua ya 5: namba mbili za kucheza nazo

Funga `Seed` kwanza, la sivyo hutajua kilichobadilika ni namba au bahati. Shepu inaamuliwa hatua za mwanzo, kitambaa kinakuja baadaye. Ukiweka `Sampling steps` 30, `Ending Control Step` ya 0.7 inamaanisha mistari inaachiwa kwenye hatua ya 21, zilizobaki ni za satini kung'aa. Tulipoweka 1.0 mistari ya peplamu ilibaki kama kamba nyeusi zimeshonwa juu ya kitambaa. Tuliposhusha mpaka 0.4 puto likavimba likapita mchoro. Ukiona mistari nyeusi shusha hiyo kwanza kabla hujagusa `Control Weight`.

Hatua ya 6: pima, usiamini macho

Rudi GIMP, weka picha iliyotoka chini na mistari yako juu kwa `Multiply`. Ya kwetu bega na kiuno vilikaa juu ya mstari kabisa, ila ncha ya peplamu kushoto ilikuwa imepanda juu ya goti. Tukazidisha unene wa mstari wa ncha ile tu kutoka pikseli 2 mpaka 3, seed ileile, ikashuka mahali pake. Mgongo wa gauni bado hatuna, huo unataka skechi yake yenyewe, anauchora sasa hivi.